Slaidi za mkutano mkuu wa shirika dogo: jinsi ya kupanga matokeo, hesabu na shukrani bila kukwama ukumbini (mwongozo kamili)

Kila ikifika mwezi wa pili mpaka wa nne simu yangu inajaa watu wa vikundi na mashirika madogo hapa Mwanza, wengine wako Sengerema, wengine Ukerewe, wananitumia slaidi zao niziangalie. Zinakuwa nzuri kwa macho, rangi zimepangwa, picha za watoto wanacheka, ila zote zinaanguka sehemu ile ile. Ni slaidi ya hela. Mtu mmoja anasimama kule nyuma anauliza kaswali kadogo, na mkutano unakwama nusu saa.

Najua kwa sababu yalitukuta na sisi, shirika letu linaloweka matanki ya maji mashuleni na kugawa sare kwa watoto. Tulikuwa kwenye ukumbi maeneo ya Kirumba, mweka hazina kamaliza kusoma, projekta inaonyesha "Salio: 3,400,000", watu wameanza kuangalia sufuria za pilau, mama mmoja mwanachama wetu anayefanya biashara ya dagaa pale mwaloni akanyoosha mkono. Akauliza, "Samahani mwenyekiti, hiyo milioni tatu na laki nne ni ya nani?" Tukamjibu ni ya shirika. Akasema, "Hapana, nauliza ni ya nani, maana yule mfadhili wa matanki hela yake si haijaisha?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Nitakupitisha hatua kwa hatua kwa kutumia hesabu zile zile, nimezilainisha kidogo ziwe rahisi kufuata.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujafungua PowerPoint

- Hesabu za mwaka zilizokaguliwa, au kama mkaguzi hajamaliza basi rasimu yake.
- Taarifa ya benki inayoonyesha salio la tarehe 31 Disemba, salio la namba ya simu ya shirika siku hiyo hiyo, na karatasi ya kuhesabu pesa taslimu iliyosainiwa na watu wawili.
- Mikataba au barua za wafadhili. Sio kichwani, karatasi yenyewe.
- Mpango kazi na bajeti mliyopitisha mkutano uliopita.
- Rejista za waliopokea huduma, zile zenye sahihi.
- Orodha ya waliochangia, ikiwa na safu ya "ameridhia kutajwa: ndiyo / hapana".
- Flashi mbili, kebo ya HDMI yako mwenyewe, adapta ya VGA kwa zile projekta za zamani, na karatasi za A4 za kutosha.

Ukikosa kitu kimoja hapo juu usianze kupamba slaidi, kitafute kwanza, maana ukianza na mapambo utajikuta unajaza namba za kukumbuka.

## Hatua ya 1: Hakikisha hesabu inajifunga

Kabla ya slaidi yoyote, fungua Excel uandike karatasi moja fupi. Yetu ilikuwa hivi, kwa shilingi:

- B2 salio la mwanzo wa mwaka: 4,200,000
- B3 mfadhili wa matanki ya maji: 18,000,000
- B4 ada za wanachama: 3,600,000
- B5 michango ya mtaani na harambee: 5,400,000
- B6 jumla ya mapato: 27,000,000
- B7 matanki ya maji mashuleni: 14,500,000
- B8 sare, viatu na madaftari: 7,300,000
- B9 usafiri: 2,100,000
- B10 uendeshaji, yaani pango, bando, posho ya karani: 3,900,000
- B11 jumla ya matumizi: 27,800,000
- B12 hela iliyopo kweli tarehe 31 Disemba: 3,400,000

Hiyo B12 usiipate kwa kutoa. Hapo ndo wengi wanakosea, wanachukua mapato wanatoa matumizi kisha jibu wanaliita salio, kwahiyo karatasi haiwezi kuwakatalia hata siku moja. B12 inatoka kwenye taarifa ya benki, kwenye simu na kwenye boksi la taslimu. Kwetu benki ilikuwa 2,950,000, simu 310,000, taslimu 140,000. Ukishaziweka ndipo unaiuliza Excel:

```
=IF(B2+B6-B11=B12,"SAWA","HAIKO SAWA")
```

Ikisema haiko sawa, angalia kwanza makato. Makato ya benki na ya miamala ya simu ndo yanayosahaulika zaidi, halafu hela iliyotumwa tarehe 30 Disemba ikaingia Januari, halafu masurufu ambayo mtu alichukua na hajarudisha risiti. Usiweke mstari wa "mengineyo" ili kuziba pengo. Mstari huo ndo wa kwanza kuulizwa.

Umefaulu hatua hii kama kuna SAWA kwenye karatasi na salio la mwanzo linafanana na salio la mwisho la mwaka juzi kwenye slaidi za mkutano uliopita. Hilo la pili wanachama wanalikumbuka kuliko unavyodhani, wengine wana picha kwenye simu.

## Hatua ya 2: Tenga hela iliyofungwa na hela huru

Hapa ndo penye moyo wa mambo, twende taratibu.

Mfadhili akikupa 18,000,000 kwa barua inayosema ni za matanki ya maji, hiyo hela imefungwa. Iko kwenye akaunti yako, ila huna ruhusa ya kuinunulia sare hata kama watoto wako uchi. Ada na harambee ni hela huru, kamati inaamua. Benki haijui tofauti hiyo, inakuonyesha salio moja tu, kwahiyo lazima wewe uitenganishe.

Chora safu mbili. Upande wa hela ya matanki: imeingia 18,000,000, imetumika 14,500,000, inatakiwa kubaki 3,500,000. Upande wa hela huru: tulianza na 4,200,000, tukaingiza 9,000,000 za ada na michango, jumla 13,200,000. Tukatumia sare 7,300,000, usafiri 2,100,000, uendeshaji 3,900,000, jumla 13,300,000.

Umeona? Hela huru imezidiwa kwa laki moja. Kwenye akaunti zote kuna 3,400,000 wakati ya mfadhili peke yake inatakiwa iwe 3,500,000. Maana yake laki moja ya matanki imeenda kwenye vitu vingine na hakuna aliyejua, karatasi ilisema SAWA, benki ilikubali, na mkutano ungepiga makofi kama sio yule mama wa dagaa, ambaye hakuwa na kikokotoo, alikuwa tu anakumbuka hela ya matanki ilikuwa shilingi ngapi na shule ngapi zimepata.

Baada ya mkutano tulikaa na risiti. Tukakuta kwenye usafiri kulikuwa na 600,000 za kusafirisha matanki, pamoja na kuyavusha kwenda Ukerewe, zimeandikwa kwenye usafiri wa kawaida. Barua ya mfadhili ilikuwa inaruhusu usafirishaji wa vifaa vya mradi. Tulipozihamishia panapostahili picha ikabadilika, matanki yametumia 15,100,000, yamebaki 2,900,000 ya mfadhili, na hela huru imebaki 500,000. Ukijumlisha ni 3,400,000 ile ile.

Tahadhari: marekebisho kama haya yanafanyika kwenye vitabu vya hesabu, mweka hazina anaandika, anaambatanisha risiti, mkaguzi anaona. Hayafanyiki kwenye slaidi. Slaidi ikisema 15,100,000 na taarifa ya mkaguzi ikisema 14,500,000, hapo umejichimbia shimo. Na kama barua ya mfadhili hairuhusu usafiri, basi huna ujanja, andika wazi kwamba laki moja ilitumika vibaya, kamati itairudisha kutoka ada za mwaka huu kufikia tarehe fulani, na mfadhili umwambie kabla ya mkutano. Asiisikie ukumbini.

Utajua umemaliza kama unaweza kujibu swali la yule mama kwa pumzi moja: "Milioni mbili na laki tisa ni ya matanki ya shule ya nne, laki tano ni yetu."

## Hatua ya 3: Geuza rejista ziwe matokeo

Sasa rudi kwenye mpango kazi. Kila ahadi ya mwaka jana weka pembeni yake kilichotokea. Sisi tuliahidi shule 4 zipate matanki, kila shule mawili ya lita 5,000 pamoja na msingi na mifereji ya bati. Zimepata shule 3. Andika hivyo hivyo, "shule 3 kati ya 4", usiandike "matanki 6 yamefungwa" ukanyamaza, kwa sababu waliokuwepo mwaka jana watahesabu wenyewe na watahisi unaficha kitu ambacho hata hukuwa na sababu ya kukificha. Ile shule ya nne imechelewa, na hela yake ndo hiyo 2,900,000 utakayoionyesha mbele. Matokeo na hesabu vinashikana hapo, ukidanganya huku kule kutaumbuka.

Kwenye sare kuna mtego mwingine. Tulitoa seti 146, kila seti 50,000, ndo ile 7,300,000. Katibu akaandika "watoto 146 wamenufaika". Nilipofungua rejista majina 15 yalikuwa yamejirudia, watoto waliopewa Januari wakapewa tena shule zilipofunguliwa Julai kwa sababu viatu viliisha. Kwahiyo seti ni 146, watoto ni 131. Zote mbili ni kweli, ila ni namba za vitu tofauti na kila moja iitwe kwa jina lake.

Usijumlishe wale 131 na wanafunzi wote wa shule zenye matanki ukapata namba moja kubwa ya "wanufaika". Baadhi ya watoto wa sare wanasoma hizo hizo shule na wanakunywa hayo hayo maji, umewahesabu mara mbili.

Halafu kuna swali ambalo kwa maoni yangu linabeba slaidi nzima ya matokeo. Ilikuwaje baada ya kutoa? Tulienda mashuleni Novemba na orodha ya majina, tukaangalia rejista za mahudhurio. Kati ya 131, waliokuwa bado darasani ni 118. Kumi na tatu hawapo, 6 wamehama na wazazi, 7 wamerudi mwaloni kuanika dagaa. Kuna mjumbe alitaka tuiache hiyo saba, anasema inatuchafua. Tukaiweka. Ndo slaidi iliyoleta mazungumzo ya maana kuliko zote, mzee mmoja mwenye mtumbwi akasema wawili kati ya hao anawafahamu na atawafuata kwa wazazi wao.

Kila namba ya matokeo iandikie pembeni, kwa herufi ndogo, ilikotoka: "rejista ya ugawaji", "mahudhurio ya shule, Novemba". Mtu akikuuliza huanzi kubabaika.

## Hatua ya 4: Panga mfuatano

Slaidi 11 zinatosha kwa dakika 20 mpaka 25. Ya kwanza ni jina la shirika, mwaka, na mstari mmoja wa asante kwa waliofika na waliochangia. Ya pili ni tuliahidi nini. Ya tatu mpaka ya tano ni matokeo, moja ya matanki, moja ya sare, moja ya yaliyoshindikana. Ya sita hela iliyoingia na kutoka, ya saba salio ni la nani, ya nane mkaguzi alisema nini. Ya tisa na ya kumi shukrani. Ya kumi na moja mambo ambayo mkutano unatakiwa kuyapitisha leo.

Kwanini shukrani baada ya hesabu? Kwa sababu kumshukuru mtu kwa hela ambayo hujamwambia imeenda wapi kunasikika kama unamuomba nyingine. Ila ule mstari wa mwanzo usiutoe, tunajuana, mgeni rasmi anaweza kuondoka baada ya dakika kumi ana mkutano mwingine kata ya jirani, asiondoke bila kusikia asante.

## Hatua ya 5: Tengeneza slaidi tatu za hela

Slaidi ya sita iwe jedwali la mistari minne tu: tulianza na 4.2, ziliingia 27.0, zilitoka 27.8, tumebaki na 3.4. Juu andika "kwa milioni za shilingi". Chini yake matumizi kwa mafungu manne, matanki 15.1, sare 7.3, usafiri mwingine 1.5, uendeshaji 3.9. Pembeni ya kila fungu weka safu ya bajeti mliyopitisha mwaka jana, ili mtu aone fungu lipi limezidi bila kuuliza, na lile lililozidi liandikie sababu kwa maneno machache.

Hapa sipendi ile chati ya duara. Kwenye projekta iliyochoka, ukumbi una madirisha makubwa na jua la saa sita, vipande vinne vya duara vinageuka kuwa rangi moja. Kama unataka mchoro weka pau za kulala, ndefu juu fupi chini, na namba uiandike mwishoni mwa kila pau.

Angalia ukifupisha kwenda milioni, jumla bado zijifunge. Ukiwa na namba kama 1,450,000 na 2,350,000 kila moja ukaikunja kwenda 1.5 na 2.4, mtu akijumlisha anapata 3.9 wakati jumla yako inasema 3.8. Mwalimu mstaafu yupo kila mkutano, ataliona. Ama ongeza tarakimu moja ama andika chini kwamba namba zimekadiriwa.

Slaidi ya saba iwe na maboksi mawili makubwa tu. Boksi la kwanza "2.9 – ya matanki, shule ya nne". Boksi la pili "0.5 – hela huru". Basi.

Slaidi ya nane, maoni ya mkaguzi kwa maneno yake mwenyewe. Kama ni hati inayoridhisha sema hivyo, kama ni yenye shaka taja shaka yenyewe na mmefanya nini. Na kama ukaguzi haujaisha, kila slaidi ya hela iwe na maneno "hesabu hazijakaguliwa" yanayosomeka, sio yaliyofichwa pembeni. Hizi hesabu zilizokaguliwa ndo zile zile shirika linazipeleka kwa Msajili wa NGO na ripoti ya mwaka, kwahiyo usije ukawa na seti mbili za namba zinazozunguka mjini.

Tahadhari ambayo wengi hawaijui: ukinakili chati kutoka Excel ukaibandika PowerPoint kwa chaguo la `Embed Workbook`, faili lote la Excel linasafiri ndani ya slaidi. Mtu akibofya `Edit Data in Excel` anafungua karatasi zako zote, pamoja na ile ya majina ya wachangiaji, namba zao za simu na kila mmoja katoa shilingi ngapi. Nimeshaona faili la hivyo linazunguka kwenye kundi la WhatsApp la watu zaidi ya mia. Dawa yake ni ndogo. Nakili chati, kwenye PowerPoint bonyeza `Ctrl+Alt+V`, chagua `Picture (PNG)`. Inabaki picha tu. Kama ulishaibandika zamani, bofya chati kisha tazama `Chart Design > Edit Data > Edit Data in Excel`, kikifunguka kitabu kizima basi ifute uanze upya.

## Hatua ya 6: Shukrani zisizoacha donda

Shukrani inaonekana rahisi ila ndo inavunja urafiki. Wale waliosahaulika hawasemi siku hiyo, unaona tu mwaka unaofuata hawachangii.

Usiwapange kwa ukubwa wa hela. Kuna mama katoa 5,000 kila mwezi mwaka mzima, ukimweka mwisho kwa herufi ndogo chini ya aliyetoa laki tano mara moja kwenye harambee, umemwambia kitu ambacho hukukusudia. Panga kwa herufi za alfabeti, wote saizi moja, na kiasi usikitaje kabisa. Kiasi kiko kwenye vitabu.

Waliotoa vitu na nguvu wawe na slaidi yao. Kwetu kulikuwa na mafundi waliojenga msingi wa tanki bila malipo, na mwenye boti aliyewavusha mafundi hao bure. Hawapo kwenye jedwali la hela kwa sababu hela haikupita kwenye akaunti, kwahiyo wasipoonekana hapa hawaonekani popote. Andika walichofanya: "Walijenga msingi wa tanki, siku nne". Usiwapachikie thamani ya shilingi kwa kubuni ili mapato yaonekane makubwa, kama mnataka ithaminiwe mwambieni mkaguzi awaelekeze na iingie kwenye hesabu rasmi.

Piga simu au tuma ujumbe kwa kila mmoja kabla. Maswali mawili yanatosha: "Shikamoo mzee, tunaandaa mkutano, je utaridhia tukutaje jina? Na jina tuliandikeje?" La pili ni muhimu kama la kwanza. Kuna anayetaka Alhaji, kuna anayetaka Mchungaji, kuna familia inayotaka mchango uandikwe kwa jina la marehemu baba yao. Wasiotaka kutajwa waweke kwa mstari mmoja, "na wengine 9 waliopenda wasitajwe", ili wajue hamjawasahau.

Kwa mfadhili mkubwa, asante nzuri ni matokeo ya hela yake pamoja na salio lake. "Shule 3 zina maji ya mvua, milioni 2.9 iko benki kwa ajili ya ya nne, kazi inaanza mwezi wa sita." Watu wanaweka nembo yake nusu ya slaidi, hiyo haimwambii kitu.

Picha sasa. Mtoto aliyeshika bango la kumshukuru mfadhili, sura inaonekana, sare ina jina la shule, na chini umeandika ni yatima, hiyo tuiache jamani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria huyo mtoto kesho atakaa darasani na watoto wa hao hao waliokuwa ukumbini. Piga picha maji yanatoka bombani, mikono inajaza ndoo, watoto kwa mgongo, tanki na mfereji wa bati. Ukihitaji sura, mzazi asaini, na usiweke jina na shule pamoja.

## Hatua ya 7: Andaa faili liendane na ukumbi

Maandishi meusi juu ya nyeupe, fonti isipungue 28, namba kubwa 40 kwenda juu. Kipimo changu ni hiki, fungua slaidi kwenye kompyuta ijaze skrini, rudi nyuma hatua saba za kawaida, usiposoma mtu wa kiti cha nyuma hasomi pia.

Kama umetumia fonti ya kudownlodi, nenda `File > Options > Save` weka tiki kwenye `Embed fonts in the file`, la sivyo kompyuta ya ukumbini itaibadilisha na mistari itaruka. Picha zipunguze kwa `Picture Format > Compress Pictures`. Halafu hifadhi nakala ya PDF kwenye flashi zote mbili, maana PDF inafunguka hata kwenye simu.

Chapisha slaidi ya sita na ya saba kwenye A4 moja, igawe mlangoni. Hii ni kwa ajili ya wazee ambao macho hayafiki kwenye ukuta, na ni kwa ajili ya umeme. Ukikatika, mweka hazina anaendelea kusoma kwenye karatasi na hakuna anayepoteza mstari. Mara mbili imetuokoa.

Baada ya slaidi ya 11 weka slaidi za akiba ambazo huzionyeshi mpaka uulizwe: mchanganuo wa uendeshaji, mchanganuo wa usafiri, orodha ya shule na tarehe tanki lilipofungwa. Andika namba zake kwenye kikaratasi. Mtu akiuliza usafiri, unabonyeza `13` kisha `Enter`, slaidi inaruka hapo hapo mbele ya macho yake.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika saa moja na nusu kabla. Chomeka kebo, bonyeza `Windows+P` uchague `Duplicate`, projekta ikikataa jaribu adapta ya VGA kabla hujaanza kumlaumu mtu wa ukumbi. Funga WhatsApp ya kwenye kompyuta, usije ukashukuru wafadhili huku ujumbe wa mke unapita pembeni.

Mjadala ukianza na slaidi inavuta macho, bonyeza `B` skrini iwe nyeusi, watu watakuangalia wewe. Ukibonyeza tena inarudi.

Slaidi za hela asome mweka hazina mwenyewe, sio katibu mwenye sauti nzuri. Katibu akisoma, maswali yote yatarushwa kwa mtu ambaye hajui risiti iko faili gani. Na risiti zije ukumbini, ziwe kwenye boksi chini ya meza, kwa mafungu yale yale manne ya kwenye slaidi.

Swali lisilo na jibu palepale liandikwe kwenye muhtasari pamoja na jina la atakayejibu na tarehe. Sisi lile la mama wa dagaa tulilijibu siku kumi na moja baadaye kwa barua moja, safu mbili, hela iliyofungwa na hela huru. Mkutano uliofuata akachaguliwa kwenye kamati ya fedha, na slaidi ya saba sasa hivi anaikagua yeye kabla sijaibandika.